Nembo ya mkono ya bekari: kwa nini herufi zinaonekana kuchechemea

Neno lenyewe ni "Mwokaji". Limeandikwa kwa mkono, kwa herufi za kushikana, rangi ya kahawia juu ya karatasi nyeupe, na chini yake kuna maneno madogo: "mikate na keki". Ni nembo ya bekari ya mtaani Tanga. Aliyeichora ni mpwa wa mwenye bekari, na mwenye bekari mwenyewe ndiye aliyenitumia karatasi na swali: "Kaka, hii naipenda, lakini kila nikiitazama naona kuna kitu hakijakaa. Nashindwa kusema ni nini?"

Wengi wakiulizwa swali kama hilo hutoa moja kati ya majibu mawili. Wa kwanza atasema herufi hazilingani, zipangwe upya. Wa pili atasema huo ni mkono, ukitaka vitu vinyooke nenda kwenye kompyuta. Yote mawili yana ukweli na yote mawili hayamsaidii mwenye bekari. Mwandiko wa mkono lazima uwe na kutolingana, ndiyo sababu mtu anauchagua. Kinachotakiwa kujulikana ni kitu gani hakilingani, na je, jicho la mpita njia litakichukua kama uchangamfu au kama kosa.

Katika "Mwokaji" vitu viwili vinachechemea: nafasi kati ya herufi, na pale herufi moja inapoishikilia nyingine. Watu huvitaja kama kasoro mbili. Kwa mwandiko wa kushikana, mara nyingi ni kasoro moja yenye sura mbili, na ndiyo maana ukirekebisha kimoja peke yake kingine huharibika zaidi.

Tuanze na nafasi. Nilipoinua karatasi kwenye mwanga niliona alama za penseli zilizofutwa nusunusu. Kijana alikuwa amepima. Kati ya mwisho wa herufi moja na mwanzo wa inayofuata aliacha milimita 4, kila mahali, kwa rula, na herufi zake ndogo zina kimo cha milimita 20. Kazi ya uangalifu kabisa, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Jicho halipimi umbali kati ya kingo mbili. Linapima ukubwa wa weupe wote uliobaki kati ya herufi na herufi, kuanzia mstari wa chini hadi vichwani. Fikiria kila pengo ni chombo unachokijaza unga: unachotaka ni kila chombo kichukue unga ule ule, hata kama midomo yao haina upana sawa. Herufi mbili zenye migongo ya wima zikikaribiana, pengo lao ni jembamba tangu juu hadi chini, kwa hiyo linachukua unga kidogo. Zikikaribiana mbili za mviringo, zinagusana katikati tu, juu na chini kuna weupe mwingi. Kwa hiyo wima na wima hutenganishwa zaidi, wima na mviringo kiasi, mviringo na mviringo husogezwa karibu kuliko zote. Kila mchora mabango aliyekaa na brashi miaka michache anajua hili kwa mkono, hata kama hajawahi kulisema kwa maneno.

Sasa rudi kwenye nembo. Katika "aj", mguu wa kulia wa a ni wima na mgongo wa j ni wima. Milimita 4 kati yao ni kichochoro. Katika "ka" hali ni kinyume: rula imepimwa kutoka kwenye ncha ya mguu wa k, mguu ambao umetambaa mbali kulia juu ya mstari wa chini, na juu ya mguu huo kumebaki pembetatu kubwa ya weupe. Rula inasema 4 na 4. Jicho linaona tundu, halafu msongamano, herufi mbili zilizofuatana. Ukiisoma kwa haraka neno linakatika hapo: "Mwok", pumzi, "aji".

Ipo njia ya kuhakikisha kwamba hili halitokani na ladha ya mtazamaji. Weka karatasi ya kupenyeza mwanga juu ya nembo na uchore mistari ya kushuka tu, ile ambayo brashi ilikandamizwa: mgongo wa k, upande wa kushoto na mguu wa kulia wa a, mgongo wa j, mgongo wa i. Acha kila kitu kingine. Ondoa nembo, tazama vijiti vilivyobaki, upime katikati ya kijiti hadi katikati ya kijiti. Kwa nembo hii, vijiti viwili vya ndani ya w vimeachana milimita 12, na vya ndani ya a ni 13. Hayo ni mapigo ya mkono wa kijana, mwendo wake wa asili. Halafu kutoka k hadi a ni 24, a hadi j ni 9, j hadi i ni 15. Mkono uliokuwa ukienda 12, 13 ukiwa ndani ya herufi, unapotoka nje ya herufi unapoteza hesabu.

Hiki ndicho ningekiangalia kabla ya kitu kingine chochote katika mwandiko wa kushikana. Weupe ulioko ndani ya herufi na weupe ulioko kati ya herufi vinatakiwa kuwa ndugu. Haviwi sawa kwa milimita, lakini mtu asiweze kujua kwa kutazama vijiti peke yake ni wapi herufi inaishia na nyingine inaanzia. Ukiweza kujua, mwendo umevunjika.

Katika neno hili kuna bahati moja: j na i zimefuatana, na zote zina nukta. Nukta mbili juu, zikiwa peke yake kwenye weupe, zinatangaza umbali wa migongo iliyoko chini yake. Hapa zimeachana sana kiasi kwamba ukisimama mbali unaona nukta hizo kabla ya kuona neno.

Pale herufi zinaposhikana

Herufi ndogo za mwandiko wa kushikana zina tabia mbili za kuondoka. Nyingi, kama a, i, k, m na u, hutoa mkia wake chini, kwenye mstari, na mkia huo hupanda kuipokea herufi inayofuata. Chache, hasa o, w, v na b, hutoa mkia juu, karibu na kichwa. Mwandishi akizoea mikia ya chini, zile za juu humtega. Na neno "Mwokaji" limeziweka mbili pamoja, w na o, kisha baada yake likaweka k yenye mgongo mrefu. Ni neno zuri kwa bekari lakini ni gumu kwa brashi.

Tazama w kwanza. Kijana ameimalizia chini, kama anavyomalizia u, akatoa mkia kutoka kwenye mstari wa chini hadi kwenye ubavu wa o. Matokeo yake w ina mguu wa tatu usio wake, na kwa mtu asiyejua jina la duka zile ni u mbili zilizofuatana. Mkia wa w ulitakiwa kubaki juu: daraja fupi linalobonyea kidogo katikati na kupokelewa na kichwa cha o, si ubavu wake. Brashi inapoanza o huanzia juu, upande wa kulia kidogo, ikazunguka kwenda kushoto. Daraja likigonga ubavuni linafika mahali ambapo mkono usingeweza kuanzia, na msomaji analihisi hilo bila kujua sababu.

Kasoro kubwa kuliko zote iko kwenye "ok". Mkia wa o hapa ni mfupi na mnene, umejaza zile milimita 4 zote, na tumbo la o limegandana na mgongo mrefu wa k. Tumbo la mviringo lililogandana na mgongo mrefu upande wake wa kulia ni nini? Ni d. Ukiziba mikono ya k kwa kidole unasoma "Mwd" waziwazi. Ukiondoa kidole akili inarekebisha, lakini imeshapotea kwa sekunde moja, na kwenye kibao cha barabarani dereva wa bodaboda hana sekunde hiyo. Makosa mengine ya nembo hii yanaudhi jicho tu. Hili linabadilisha herufi, kwa hiyo kama mwenye bekari ana pesa na muda wa kurekebisha mahali pamoja, ni hapa.

Kwenye "ka" na "ji" tatizo ni unene. Brashi ikishuka hukandamizwa na kutoa mstari mnene. Ikipanda huachiliwa na mstari unakuwa mwembamba. Maungio karibu yote ni mistari ya kupanda, kwa hiyo huwa membamba. Kijana alianza kwa brashi, kisha akapitisha makapeni juu ya maungio ili yakolee, na makapeni hailijui suala la kukandamiza. Mguu wa k na mkia wa j sasa vina unene sawa na migongo, na pale vinapokutana na herufi inayofuata pametokea doa jeusi. Ukifumba macho nusu na kutazama nembo yote, madoa hayo ndiyo yanayobaki: moja kati ya o na k, jingine kwenye mguu wa k, la tatu pale kitanzi cha j kinapokata mgongo wake kikielekea i.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Kuna dhana kwamba mwandiko wa kushikana lazima ushikane kila mahali. Si kweli, na watu wa pwani tuna ushahidi karibu. Hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi, ni ya kushikana, lakini ina herufi sita ambazo haziungani na inayofuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Hakuna anayesema hati hiyo imekatika, kwa sababu mwendo hauvunjiki pale mstari unapovunjika. Katika herufi za Kilatini pia mwandishi ana haki ya kuacha. Herufi kubwa inaweza kusimama peke yake, na herufi yenye kitanzi cha chini kama j inaweza kuishia chini bila kurudi juu. Ila kuacha kusiwe kwa bahati mbaya. Pengo la nusu milimita linaonekana kama wino ulikwisha. Pengo lenye upana unaokaribia ule wa ndani ya herufi linaonekana kama uamuzi.

Kutolingana kunakokubalika

Nilimwandikia mwenye bekari haya kwa kifupi, akajibu: "Lakini kaka, si ndiyo uzuri wa mkono? Nikinyoosha kila kitu itafanana na ya kila mtu."

Ana hoja. Mwaka 2010 Pablo Impallari, mbunifu wa Argentina, alitoa fonti ya kushikana iitwayo Lobster, ya bure, na haikupita muda ikawa kwenye mabango ya migahawa na bekari dunia nzima. Ukiwa na fonti kama hiyo maungio hayakusumbui. Jambo lisilojulikana sana ni jinsi Impallari alivyolitatua: aliona kwamba fonti nyingi za kushikana hulazimisha umbo la herufi ili kila moja iungane na kila nyingine, akaamua kuchora matoleo kadhaa ya herufi ile ile na miungano maalumu, ili programu ichague inayofaa kwa jirani aliyepo. Alikuwa akiiga wanachofanya wachoraji wa herufi kwa mkono. Kwa mchoraji hakuna "k" moja. Kuna k inayokaa kabla ya a na nyingine inayokaa kabla ya i, na mguu wa kila moja ni tofauti.

Kwa hiyo swali la mwenye bekari lina jibu: usinyooshe kila kitu. Kwa macho yangu, kutolingana kunapendeza kinapochezwa kitu kimoja na vingine vikatulia. Katika nembo hii herufi zinarukaruka: o imepanda juu ya mstari kwa kama milimita 2, a imeshuka kidogo, i imepanda tena. Hilo ni zuri, lina uchangamfu wa mtu anayekanda unga, na ningeliacha kama lilivyo. Mwinamo nao umetulia. Nilichora mistari kupita kwenye migongo yote na inakaribia kuwa sambamba. Kama mwinamo ungekuwa umeyumba na herufi zinarukaruka na nafasi zinapishana, msomaji asingekuwa na kitu cha kushika. Hapa kinachohitaji kutulizwa ni nafasi, ili ile kurukaruka ionekane kuwa ya makusudi.

Herufi ya M pia ningeiacha. Haishikani na w, pengo lao ni pana, na kiguu chake cha mwisho kina mkunjo mzuri unaoelekea kulia. Mtu mwingine angetaka aiunganishe. Tazama "Coca-Cola", iliyoandikwa kwa mkono wa Frank Robinson, mtunza hesabu wa kampuni hiyo changa, mwaka 1886 huko Atlanta: C ya kwanza ina mkia mrefu unaopita chini ya herufi zinazofuata. Mkia huo unaifunga herufi kubwa na neno lake bila kuungana na herufi ya pili. Mkunjo wa M wa kijana ukirefushwa kidogo chini ya w utafanya kazi hiyo hiyo.

Mpangilio wa marekebisho

Kosa la kawaida ni kuchukua kompyuta, kukata herufi na kuzisogeza hadi nafasi zikae sawa. Katika herufi zinazosimama mbalimbali hilo linatosha. Katika herufi za kushikana, kila ukisogeza unavuta au unaponda muungano, na muungano uliovutwa unakuwa mstari mnyoofu uliokufa kati ya mikunjo hai. Ndiyo maana nilisema ni kasoro moja.

Kwa hiyo nilimshauri kijana aanze na vijiti. Aviweke upya kwenye karatasi ya kupenyeza, akifuata mapigo yake mwenyewe ya 12 na 13: a hadi j ipanuke hadi 13, j hadi i ipungue hadi 13. Kutoka k hadi a haiwezi kufika 13, kwa sababu mikono ya k inahitaji mahali pa kukaa. 17 inatosha, mguu wa k ukifupishwa na tumbo la a likisogea hadi juu ya ncha ya mguu huo. Mgongo wa k usogee kulia, mbali na o, kiasi cha kuruhusu mkia mwembamba upande kwa mshazari kutoka kichwani mwa o. Vijiti vikikaa, ndipo achore maungio upya juu yake, kwa brashi, kwa mwendo mmoja. Ayachore mara nyingi na kuchagua. Muungano uliochorwa polepole na kurekebishwa huonyesha kutetemeka hata baada ya kutiwa wino.

Baada ya hapo kuna ukaguzi wa aina mbili ambao haumhitaji mtaalamu. Geuza karatasi juu chini: neno linaacha kusomeka, na weupe unaonekana kama weupe. Kisha ziba nembo kwa karatasi mbili ukiacha herufi tatu tu wazi, "Mwo", halafu "wok", halafu "oka", na kuendelea. Kila mara uliza kama herufi ya katikati imekaa katikati. Ikielemea upande mmoja, umepata pa kurekebisha.

Mwisho ni kompyuta na kiwanda. Nembo ikichorwa upya kwenye programu, kila herufi huwa umbo lake na maungio hulaliana juu ya majirani. Kwenye skrini, rangi ikiwa moja, huoni chochote. Lakini mashine ya kukata stika hufuata kingo zote, pamoja na zile zilizofichika, na "Mwokaji" itabanduka vipande vipande kwenye kioo cha duka. Katika programu ya kuchorea ya Inkscape maumbo huunganishwa kwa `Path > Union`. Kisha tazama vituo, yaani nukta zinazoshika mstari wa umbo, vilivyozaliwa pale yalipokutana: mara nyingi huacha kona ndogo kali mahali ambapo brashi ingepita kwa ulaini. Chagua kituo, bonyeza `Shift+S`, kona hulainika. Kona chache ziachwe, hasa zile za ndani kabisa ambapo mkia mwembamba unatoka kwenye mgongo, kwa sababu ukizilainisha zote unarudisha yale madoa meusi.

Mwenye bekari anataka pia muhuri wa kugonga kwenye mifuko ya khaki, upana wa sentimita 4. Nembo ya asili ina sentimita 14. Ikipunguzwa kiasi hicho, kichochoro cha milimita 4 kinabaki kama milimita 1, na muungano mwembamba wa milimita 1 unabaki chini ya theluthi moja ya milimita. Karatasi ya khaki hunywa wino na kuutawanya, kwa hiyo vichochoro vitaziba. Na muhuri ukigongwa kwa mkono mwepesi, nywele hizo nyembamba hazitatokea kabisa. Kwa muhuri kunahitajika toleo la pili lenye vijiti vilivyoachana zaidi kidogo, maungio manene kuliko ya kibao, na tundu la ndani ya a na o likiwa wazi zaidi. Maneno "mikate na keki" hayafai humo kwa mwandiko wa kushikana. Yaandikwe kwa herufi kubwa zilizosimama, zenye nafasi ya kutosha, au yaondolewe. Mfuko wenyewe utakuwa na mkate ndani.